Nani Kayapokea Majibu?

Damu ya mgonjwa aliyelazwa ikishapimwa, majibu yake kwa kawaida hufuata njia isiyo na haraka. Huhakikiwa maabara, huingizwa kwenye mfumo au huchapwa, na daktari huyakuta asubuhi anapopita wodini. Njia hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya vipimo. Yapo majibu machache, hata hivyo, ambayo yakisubiri asubuhi huenda yasimkute mgonjwa hai. Potasiamu ya milimoli 7.4 kwa lita ni mojawapo.

Potasiamu ni madini ya kawaida mwilini, na kwa mtu mzima mwenye afya kiwango chake katika damu huwa kati ya takribani 3.5 na 5.0. Figo ndizo zinazotoa ziada. Figo zikishindwa, potasiamu hupanda kimya kimya, na ikivuka 6.5 umeme unaoendesha mapigo ya moyo huanza kuvurugika. Mgonjwa anaweza kulalamika uchovu tu, au miguu kukosa nguvu, kisha moyo ukasimama ghafla. Aliye mbali naye, mbele ya mashine ya maabara, ndiye wa kwanza kujua. Kwa dakika chache huyo ndiye pekee hospitali nzima anayejua.

Mwaka 1972 daktari wa patholojia George Lundberg, aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, alichapisha makala iliyoeleza namna ya kushughulikia majibu ya aina hii: maabara iwe na orodha fupi ya viwango vya hatari, na kiwango chochote kilichomo kikitokea, mtu wa maabara asingoje karatasi itembee, amtafute anayemhudumia mgonjwa na kumwambia. Wazo hilo limeenea duniani. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, ISO 15189, sasa kinaitaka kila maabara iwe na utaratibu huo, ihakikishe ujumbe umepokelewa sawasawa, na iandike nani kaambiwa, nini, lini na na nani.

Orodha yenyewe hupangwa na kila hospitali, maabara ikikaa pamoja na madaktari wake. Potasiamu ya juu sana au ya chini sana huwemo karibu kila mahali. Sukari iliyoshuka chini ya takribani 2.5 huwemo pia, na damu ya mtoto iliyopungua mno, na vijidudu vilivyoonekana kwenye maji ya uti wa mgongo. Naona hekima iko katika ufupi wake. Maabara inayopiga simu kwa kila jibu lililoinuka kidogo huwazoesha wauguzi kupokea huku wakiwaza mengine, na siku ya jibu la hatari lenyewe linapokelewa vivyo hivyo.

Sasa tuchukue mgonjwa wa mfano, tumwite Zainabu Hamisi Juma, miaka 58, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Ameharisha siku kadhaa huku akiendelea kumeza enalapril, dawa ya presha ambayo kwa figo zilizochoka huzuia potasiamu kutoka. Amelazwa wodi ya wanawake katika hospitali ya mkoa, hana nguvu miguuni. Damu yake imechukuliwa saa tano na dakika ishirini usiku. Saa saba na dakika arobaini mashine inatoa 7.4.

Mteknolojia wa zamu hakimbilii simu papo hapo. Kwanza anakitazama kichupa. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu kuliko maji yanayozizunguka, kwa hiyo zikipasuka wakati wa kuchukua sampuli, kwa sindano nyembamba mno au kwa kutikisa kichupa kwa nguvu, potasiamu yake humwagika na kuonekana kama ya mgonjwa. Dalili yake inaonekana kwa macho: maji ya juu, yaliyopaswa kuwa ya rangi ya majani makavu, huwa ya waridi au mekundu. Damu iliyokaa saa nyingi bila kutenganishwa huleta udanganyifu uleule bila hata kubadilika rangi, ndiyo maana saa ya kuchukuliwa inatazamwa pia.

Upo udanganyifu mwingine mgumu kuutambua kwa jicho. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kile cha kupimia wingi wa damu, kina dawa ya kuzuia damu isigande, nayo mara nyingi ni chumvi ya potasiamu. Mtu akikosea akajaza hicho kwanza, kisha akahamishia sehemu ya damu kwenye kichupa cha potasiamu ili kuokoa muda, ameongeza potasiamu kwa mkono wake. Lakini dawa hiyo huikamata kalsiamu. Hivyo potasiamu ikipaa na kalsiamu ikawa imeshuka kuliko inavyoelekea kwa mtu aliye hai na anayezungumza, mteknolojia mzoefu hushuku kichupa kabla ya kumshuku mgonjwa.

Kwa mgonjwa wetu maji ni ya manjano safi, kalsiamu ni ya kawaida, na kreatinini, kipimo cha utendaji wa figo, ni 910, zaidi ya mara nane ya kawaida. Vyote vinasema hadithi moja. Lebo ya kichupa inalingana na fomu. Ukaguzi huu umechukua dakika sita. Haufai kuchukua zaidi. Kama sampuli ingekuwa na dosari, bado simu ingepigwa, na dosari ingetajwa: “Potasiamu ni 7.4 lakini damu imepasuka, tunaomba sampuli nyingine haraka.” Kukaa na jibu kimya hadi sampuli mpya ifike ni kubahatisha na moyo wa mtu mwingine.

Saa saba na dakika arobaini na sita anapiga simu ya wodi. Haipokelewi. Anaandika kwamba haikupokelewa, anangoja dakika tatu, anapiga tena.

“Wodi ya wanawake, habari za usiku.”

“Salama, sista. Naitwa Baraka, mteknolojia wa maabara, zamu ya usiku. Wewe ni muuguzi wa zamu? Nina jibu la hatari la mgonjwa wako. Shika kalamu.”

“Ndiyo, ni mimi. Ngoja kidogo. Haya, sema.”

“Mgonjwa ni Zainabu Hamisi Juma. Namba ya faili: mbili, sifuri, nne, moja, saba, tisa. Damu ilichukuliwa saa tano na dakika ishirini usiku. Potasiamu: saba, nukta, nne, milimoli kwa lita. Sampuli ni nzuri, damu haikupasuka. Naomba unisomee ulichoandika.”

“Zainabu Juma Hamisi, potasiamu saba nukta nne.”

“Tuanze na jina, sista. Zainabu, Hamisi, Juma. Na namba ya faili?”

Kinafuata kimya, kisha sauti ya mafaili yakipekuliwa. “Kumbe ninao Zainabu wawili. Niliyemfikiria yuko kitanda cha nne. Huyu ni wa kitanda cha kumi na moja. Zainabu Hamisi Juma, mbili sifuri nne moja saba tisa, potasiamu saba nukta nne, milimoli kwa lita.”

“Sawasawa kabisa. Naandika imepokelewa na nani?”

Muuguzi anataja majina yake mawili na cheo chake. Baraka anayarudia, anaandika, anatazama saa ya ukutani: saa saba na dakika hamsini na moja.

Kosa lililonaswa hapo ni dogo kwa sura yake, majina mawili yaliyobadilishana nafasi. Lisingenaswa, mgonjwa wa kitanda cha nne angechomwa insulini pamoja na glukosi ili kuishusha potasiamu ambayo kwake haikupanda, na hatari ya sukari yake kushuka mno usiku ni ya kweli. Yule wa kitanda cha kumi na moja angeendelea kulala hadi moyo usimame. Mteknolojia alikuwa ametaja jina barabara na muuguzi alikuwa amesikia vizuri, ila alisikia alichokuwa nacho tayari kichwani. Kosa kama hilo halionekani mpaka msikilizaji atamke mwenyewe alichoandika.

Ndiyo maana katika utaratibu huu anayesoma tena ni mpokeaji. Nimesikia simu nyingi ambazo mtoaji ndiye anayerudia, mara mbili, mara tatu, kwa sauti inayopanda, na mpokeaji anaitikia “ee, nimeelewa”. Hiyo inamhakikishia mtoaji kwamba amesema. Alichoandika mwenzake hakijulikani bado. Na asome kutoka kwenye karatasi, kwa kuwa mtu anaweza kukumbuka sawa na kuandika vibaya, na kitakachosomwa na daktari baada ya dakika tano ni karatasi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 na Joan Barenfanger na wenzake ulifuatilia simu 822 zilizotoka maabara, kila mpokeaji akiombwa kurudia. Katika simu 29 kulikuwa na tatizo, yaani karibu 3.5 kwa kila 100. Makosa mengi yalikuwa ya aina mbili: jina la mgonjwa na jibu lenyewe. Kurudia kulichukua wastani wa chini ya sekunde 13 kwa simu.

Kwa Kiswahili tuna mitego yetu katika tarakimu. “Nne” na “nane” kwenye simu yenye mikwaruzo ni karibu sauti moja, na “tatu” na “tano” hazipishani sana. Fikiria mtoto mwenye malaria kali ambaye himoglobini yake ni gramu 4 kwa desilita. Huyo anahitaji kuongezewa damu usiku uleule. Muuguzi akisikia 8, mtoto atapewa dawa ya malaria na kuachwa apumzike. Wateknolojia wazoefu hutaja tarakimu moja moja, na kwa zile zinazofanana huongeza alama, wakisema “nne, ile inayofuata tatu”. Wengine hutaja kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, na sioni ubaya, mradi mpokeaji naye asome alivyoandika.

Kipimio nacho hutajwa. Sukari ya 40 kwa miligramu ni karibu 2.2 kwa milimoli, na zote mbili ni hatari ileile, lakini katika hospitali ambayo mashine ya maabara hutumia kipimio kimoja na kifaa cha wodini kingine, namba tupu huzua ubishi au, vibaya zaidi, utulivu.

Baada ya simu huja kalamu, na hapa ndipo maabara nyingi hulegea. Katika daftari la majibu ya hatari nimekuta mstari unaosema “wodi wameambiwa”. Hauna thamani. Wodi ni jengo, na jengo halipokei simu. Ukiuliza kesho yake nani aliambiwa, wauguzi wa zamu mbili watatazamana, na mteknolojia ataapa kwamba alipiga. Mstari wa Baraka unasomeka hivi: tarehe, majina matatu ya mgonjwa na namba ya faili, potasiamu 7.4 mmol/L; jibu limetoka 01:40; simu ya kwanza 01:46, haikupokelewa; simu ya pili 01:49; majina mawili ya muuguzi na cheo; imesomwa tena, jina lilirekebishwa, sahihi; 01:51; jina na saini ya aliyepiga. Msomaji ataona saa zimeandikwa kwa mtindo wa tarakimu 24. Sisi tunasema saa saba na dakika arobaini, lakini “7:40” kwenye daftari inaweza kusomwa na mkaguzi, au na daktari, kuwa ni asubuhi baada ya kunywa chai, na saa sita nzima zikapotea katika kumbukumbu.

Mstari huo huandikwa simu ikiwa bado ina joto la sikio. Daftari linalojazwa mwisho wa zamu hujitambulisha lenyewe: wino mmoja, mwandiko mmoja usio na haraka, na saa zote zimeishia kwenye sifuri au tano. Aliyekosea akate kwa mstari mmoja ili kilichokatwa kisomeke, kisha aweke saini. Kufuta kwa wino mweupe huondoa ushahidi wa kosa pamoja na ushahidi wa masahihisho.

Wodini nako huandikwa, ndani ya faili la mgonjwa, na muuguzi aliyepokea ndiye anayeandika. Kisha anayo simu yake ya kupiga. Yeye hawezi kuandika amri ya matibabu ya potasiamu. Daktari wa zamu ndiye mwenye uwezo huo. Ujumbe unasafiri mara ya pili, na katika safari hii ya pili mara nyingi hakuna anayedai kusomewa. Utaratibu mzuri unataka daktari naye arudie jina na namba, na muuguzi aandike daktari gani na saa ngapi. Kwa mgonjwa wetu daktari aliambiwa saa saba na dakika hamsini na nne. Alitaka mchoro wa umeme wa moyo, ukaonyesha mawimbi marefu yenye ncha kali ambayo potasiamu huyaleta. Akaagiza kalsiamu ya mshipani ili kuukinga moyo, kisha insulini na glukosi ili kuisukuma potasiamu irudi ndani ya chembe, na enalapril ikasimamishwa. Dawa hizo hununua saa chache tu. Potasiamu bado imo mwilini, kwa hiyo damu hupimwa tena, na mpango wa figo, pamoja na usafishaji wa damu ikibidi, huanza kuzungumzwa usiku huohuo.

Je, kama simu ya wodi isingepokelewa kabisa? Utaratibu ulioandikwa vizuri humtoa mteknolojia kwenye kubuni. Baada ya simu mbili za wodi ampigie daktari wa zamu moja kwa moja, kisha muuguzi msimamizi wa usiku, kisha daktari bingwa aliye nyumbani kwa dharura. Hospitali nyingi hujiwekea ukomo wa nusu saa tangu jibu lithibitishwe hadi mtu alipokee. Ikiwa maabara na wodi vimetenganishwa na ua tu, kutembea kwa miguu ni hatua halali, na nayo huandikwa. Ujumbe mfupi au picha kwenye kundi la simu vinaweza kusaidia kumwamsha mtu, lakini alama kwamba ujumbe umesomwa haisemi nani aliyeshika simu wala kama ameelewa. Mhudumu wa usafi, mwanafunzi aliye peke yake na ndugu wa mgonjwa si wapokeaji. Mpokeaji ni mtu mwenye leseni anayeweza kutenda au kumfikia anayetenda.

Katika utafiti ule wa simu 822, matatizo 5 kati ya yale 29 hayakuwa makosa ya kusikia. Wapokeaji walikataa kurudia. Sishangai. Katika hospitali zetu kijana wa maabara mwenye mwaka mmoja kazini anapaswa kumwambia daktari bingwa, saa nane usiku, kwamba arudie alichoambiwa, na kwa adabu tulizolelewa nazo linaonekana kama kumsahihisha mkubwa. Wengi hunyamaza, wakaandika “amesoma tena” ilhali hakusoma. Dawa ninayoiona ikifanya kazi ni kuuhamisha mzigo kwenda kwenye daftari: “Samahani dokta, daftari linanidai, naomba unisomee ili niandike.” Na mkurugenzi wa tiba atamke mbele ya wote, mara moja na kwa maandishi, kwamba hakuna cheo kinachosamehewa. Mpokeaji akikataa kabisa, hilo nalo huandikwa katika safu ya matatizo, na msimamizi wa maabara hulifuatilia asubuhi.

Kuna kundi moja ambalo utaratibu huu hulifikia kwa shida, nalo ni wagonjwa wa nje. Mtu ametolewa damu saa tano asubuhi, amepanda basi, na jibu la hatari linatoka saa tisa alasiri yeye yuko nyumbani. Daktari aliyeagiza kipimo ataambiwa, lakini amfikie vipi? Kwenye fomu nyingi nafasi ya simu ni tupu, au imeandikwa namba ya jirani, au jina ni moja tu. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, utakapotolewa damu tena: taja majina yako matatu kama yalivyo kwenye faili, hakiki kwamba ndiyo yaliyoandikwa kwenye kichupa kabla hujainuka kwenye kiti, acha namba inayopatikana pamoja na ya mtu unayeishi naye, na siku hiyo pokea simu hata kama namba huijui.